Kauli ya 9 haikuafikiwa

Asilimia 75 ile ilitokana na watu kuondoka, si watu kuafikiana. Mliosoma kiambatisho cha ripoti ya jopo la Delphi mnaijua Kauli ya 9: kila mjamzito mwenye presha ya 150/100 apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Raundi ya pili walijibu wataalamu 30. 18 wakakubali, 12 wakakataa. Hiyo ni asilimia 60, na kizingiti kilikuwa 75. Raundi ya tatu yakarudi madodoso 24: 18 ndiyo, 6 hapana. Waratibu wakagawanya, wakapata 75 kamili, wakafunga jopo.

Sasa fuatilieni namba za siri za washiriki. Waliokubali ni walewale 18. Sita wasiorudi wote walikuwa wamekataa. Wachukueni wale 24 tu mrudi nao raundi ya pili: 18 kwa 24, asilimia 75 ileile. Hakuna hata mmoja aliyebadili jibu! Raundi nzima ilichofanya ni kupunguza wapinzani, na mratibu aliyezoea kazi hii angeliona hilo kabla ya kushika kikokotoo. Kizingiti hupimwa kwa waliobaki, na pembeni yake huwekwa hesabu ya walioondoka na jibu lao la mwisho.

Na waliondoka kwa nini? Wote sita ni wa zahanati. Kwenye safu ya maoni walishaandika kwamba gari la wagonjwa halipo, na mama atakayeambiwa aende leo atarudi nyumbani. Muhtasari uliotumwa raundi ya tatu ulibeba asilimia tupu, bila sababu hata moja. Mtu akiona hoja yake imemezwa, dodoso linalofuata halijazi. Nimelisema hili hadi nimechosha watu: jopo likiteuliwa kutoka kwenye simu ya mratibu, madaktari wa hospitali hujaa, na wa zahanati huwa wachache kiasi kwamba wakitoka sita sauti yao imekwisha.

Usiri ulilindwa, na kizingiti kilitangazwa mapema. Safi.

Lakini wasomeni Dalkey na Helmer wa RAND, makala ya 1963. Wataalamu 7, madodoso 5, swali ni mabomu mangapi ya atomiki yangepunguza uzalishaji wa silaha wa Marekani kwa kiwango kilichowekwa. Walianza kati ya 50 na 5,000, wakamaliza kati ya 167 na 360. Kila hatua waliulizwa sababu, na ungeweza kuona makadirio ya kila mmoja yakihama. Dalkey na Helmer hawakuhitaji kizingiti kujua kama watu wamesogea.

Siku hizi raundi 3 zimekuwa kama sheria, nazo si sheria. Majibu ya watu walewale yakitulia, simamisha, hata kama hawajakubaliana. Mgawanyiko uliotulia nao ni matokeo. Kauli ya 9 ilitulia tangu raundi ya pili. Iandikwe hivyo: 18 kwa 12, haikuafikiwa, na sababu za watu wa zahanati zichapwe chini yake neno kwa neno.