Siku Nyepesi Iliyozidi Uzito: Hesabu ya Kujivuta kwa Sahani

Tumchukue mnyanyuaji mwenye mwili wa kilo 80, ambaye kwa nguvu zake zote anaweza kujivuta kwenye bomba mara moja akiwa amefunga kilo 40 kiunoni. Ratiba yake ina siku mbili za kujivuta kwa wiki: siku nzito ya asilimia 85 na siku nyepesi ya asilimia 70. Anachukua zile kilo 40, anapiga hesabu, na kupata kilo 34 kwa siku nzito na 28 kwa siku nyepesi. Hesabu inaonekana safi, lakini imeanza mahali pabaya. Mgongo na mikono yake haivuti sahani peke yake. Inavuta na mwili wenyewe. Kilele chake ni kilo 120. Kilo 34 juu ya mwili wa kilo 80 zinafanya 114, yaani asilimia 95 ya kilele, na kilo 28 zinafanya 108, yaani asilimia 90. Huyu hana siku nyepesi. Ana siku mbili nzito, moja ikiwa nzito kupita kiasi, na hoja yangu ni kwamba sehemu kubwa ya viwiko vinavyouma kwa wanyanyuaji wa daraja la juu huanzia kwenye kosa hili la hesabu.

Ushahidi kwamba jumla ndiyo uzito halisi unapatikana kwa kanuni ya kukadiria kilele iliyopewa jina la Boyd Epley, kocha wa nguvu wa Marekani:

```
kilele = uzito × (1 + marudio / 30)
```

Tuseme mtu wetu anajivuta mara 5 akiwa na sahani za kilo 25. Tukiingiza 25 peke yake, kanuni inatoa kilele cha kilo 29, ilhali tayari ameshavuta 40. Tukiingiza jumla, yaani 105, inatoa 122.5, na tukiondoa mwili tunabaki na 42.5, karibu kabisa na uwezo wake wa kweli. Kanuni hii hupoteza usahihi marudio yanapokuwa mengi, ila kwa marudio matano au chini yake inatosha kuongoza kazi. Kuna atakayesema kwamba viganja na sehemu ya chini ya mikono havipandi pamoja na mwili, hivyo jumla imezidishwa kidogo. Ni kweli, lakini kosa hilo ni dogo na linabaki lilelile kila siku, kwa hiyo halivurugi ulinganisho wa wiki hii na ijayo.

Sasa ratiba inabadilika sura. Asilimia 85 ya 120 ni 102, kwa hiyo siku nzito inaanza na sahani za kilo 22.5 hivi, si 34. Asilimia 70 ni 84, kwa hiyo siku nyepesi ina kilo 4 tu juu ya mwili. Wengi hukataa hapo. Mtu anayevuta kilo 40 ataonekanaje na kisahani cha kilo 4? Lakini kazi ya siku hiyo ni kurudia mwendo bila kuuchosha mwili: seti 3 za marudio 8, kushuka kwa sekunde tatu, mabega yakidhibitiwa hata chini kabisa. Kwa kanuni ileile, ingawa kwa marudio mengi hivyo ni makisio tu, uzito huo angeweza kuuvuta karibu mara 13, kwa hiyo marudio 8 yanamwachia akiba ya kutosha kwa siku nzito inayofuata.

Kwa siku nzito, ninapendelea seti 5 za marudio 3, kisha kupanda polepole. Kilo 102.5 ni uzito ambao angeuvuta takriban mara 5 akijikamua. Kudai seti 5 za marudio 5 ni kudai kisichowezekana. Anaanza na 3 kila seti, anaongeza rudio moja kwenye seti moja, halafu nyingine, mpaka seti zote zifike 4 na rudio la mwisho lipande bila miguu kurusha. Hapo ndipo anaongeza kilo 1.25 au 2.5 na kurudi kwenye 3. Wapo wanaouliza kwa nini asiongeze kilo 2.5 kila wiki. Kwa anayeanza, sawa, inaweza kwenda kwa muda. Kwa huyu, wiki 12 za namna hiyo zingemtaka aongeze kilo 30, na hakuna mtu wa daraja lake atakayezipata.

Mizani ya mwili ni sehemu ya ratiba pia. Akipanda hadi kilo 82, sahani za 22.5 zinageuka kuwa mzigo wa 104.5, apunguze mbili ili jumla ibaki palepale. Akishuka hadi 77, aongeze tatu, na asihesabu hilo kuwa maendeleo. Kupungua mwili kunampa faida halisi ya kuvuta sahani zaidi, sikatai, lakini nguvu ya mgongo haijaongezeka hata gramu.

Kuhusu namna ya kubeba, mkanda wenye mnyororo ndio unaofaa kwa uzito mkubwa, mradi mnyororo uwe mfupi, sahani zikae kati ya mapaja na zisiyumbe. Fulana ya uzito ni nzuri kwa siku nyepesi, lakini ikijazwa hubana kifua na pumzi. Dambeli kati ya miguu inafaa kwa kilo chache tu.

Kiwiko sasa. Maumivu ya kawaida hapa hukaa kwenye kifundo cha ndani ya kiwiko, mahali kano za misuli ya kukunja kiganja zinapojishika. Misuli huzoea mzigo mpya mapema kuliko kano, kwa hiyo mtu hujisikia ana nguvu wakati kano bado iko nyuma. Dalili ya kwanza huwa ndogo: kubonyeza kifundo kunauma, au kufungua kifuniko cha chupa. Wengine watasema kosa ni mshiko, hasa wa viganja kuelekea usoni kwenye bomba lililonyooka, ambao huufunga mkono usizunguke. Wana hoja, na kuhamia kwenye pete au vishikio vinavyotazamana husaidia. Lakini mshiko mpya juu ya siku nyepesi ya asilimia 90 hulihamisha tatizo tu.

Kiwiko kikianza kuuma, siku nzito ndiyo ya kwanza kuondoka. Kano haitaki kupumzishwa kabisa. Inataka mzigo inaoumudu. Maumivu madogo wakati wa kazi yanavumilika, ila yakiwa makali zaidi asubuhi inayofuata, mzigo ulizidi. Mara tatu kwa wiki, akunje kiganja na dambeli ndogo, akishusha taratibu, marudio 15 kwa seti 3. Kujivuta kwa mwili mtupu, kumbuka, tayari ni asilimia 67 ya kilele chake. Hata hiyo ikiuma, mpira wa kuvutika chini ya mguu upunguze mzigo. Sahani zirudi pale wiki mbili za mwili mtupu zitakapopita bila asubuhi mbaya, na zirudi kwa kilo 5, si 22.5. Ganzi kwenye kidole cha pete na kidole kidogo ni jambo jingine: hiyo huelekeza kwenye neva inayopita nyuma ya kifundo hichohicho, na mtu huyo aache kujivuta na amwone daktari.