Tundu Safi, Ufa Hakuna: Biti ya Almasi Imenimaliza!

Mwenzangu, hebu acha hicho unachofanya unisikilize! Nimetoka bafuni sasa hivi, vidole bado vina tope jeupe la marumaru, na siwezi kukaa kitini. Nimetoboa marumaru! Zile ngumu, zinazong'aa, zinazoteleza, ambazo fundi akiambiwa azitoboe anaanza na onyo kwamba ikipasuka shauri yako. Sasa pita na kidole kwenye ukingo wa tundu langu: laini, duara kabisa, ufa hakuna hata wa unywele!

Siri yake ni kidude kidogo ajabu, biti ya almasi. Ukiishika mara ya kwanza unaweza kudhani umeuziwa kitu kibovu, maana haina ncha. Ni kibomba tu kilicho wazi ndani, na mdomo wake umepakwa chembechembe za almasi. Iguse, inakwaruza kama msasa mkali. Hapo ndipo utamu ulipo, kwa sababu biti hii haipigi wala haichimbi, inasaga! Inasaga duara jembamba taratibu, na marumaru haipati mshtuko wa kuipasua.

Ila usiiweke wima ukaanza kubonyeza, tafadhali sana. Bila ncha itakuchezea, itateleza ukuta mzima na kukuachia mikwaruzo. Bandika maskin tepu mahali pa tundu, chora alama juu yake, kisha ilaze biti kwa mshazari ili ukingo mmoja tu uume. Drili izunguke polepole mno, ukiibembeleza. Utaona kimwezi kichanga kimechongeka, kizuri, kitamu kutazama! Ukishakipata, inyanyue drili kidogokidogo hadi isimame sawasawa, na kimwezi kitafunga kiwe duara.

Na ile swichi yenye picha ya nyundo? Izime! Izime kabisa kabla hata hujasogea ukutani. Nyundo ndiyo muuaji wa marumaru, mwenzangu, si tundu.

Na bado! Maji! Nani alijua kwamba kutoboa ni kazi ya maji? Biti ya almasi ikisaga pakavu inapata moto, zile chembechembe zinaharibika na biti inakufa mikononi mwako. Dalili zake hazijifichi: harufu ya kuungua, mlio mwembamba wa kuudhi, mdomo wa biti kugeuka mweusi, na tundu kukataa kusonga hata ukisukuma. Basi mimi nilishika drili ya betri (ya waya sitaki kuiona karibu na maji, asante), na mtoto wa dada akawa pembeni na chupa ya kunyunyizia, akinyunyiza kwenye biti tu, chini ya mwili wa drili. Miwani machoni wote wawili. Tope jeupe linachuruzika, biti inanguruma kwa upole, huna haja ya kusukuma, uzito wa mkono unatosha. Kila baada ya muda unaitoa kidogo ipumue na maji yaingie.

Halafu, jamani, rangi ikabadilika! Tope jeupe likawa la kijivu lenye mchanga, maana yake marumaru imeisha na tumefika kwenye plasta. Nikaitoa biti, na ndani ya kibomba kumekwama kipande kidogo cha mviringo cha marumaru yangu mwenyewe. Nimekiweka dirishani. Usinicheke!

Hapo biti ya almasi inapumzika, unaingiza biti ya kawaida ya zege, bado bila nyundo. Plasta na tofali la mchanga na simenti vinakubali tu. Kwa kulabu yangu ya taulo nilitumia fisha ya milimita 6, tundu la milimita 6, kina cha sentimita 5 hivi. Sasa sikia jambo ambalo karibu nipige kelele nilipolielewa: fisha isiishie kwenye marumaru! Izamishe hadi mdomo wake upite nyuma ya marumaru. Kazi ya fisha ni kutanuka skrubu inapoingia, na ikitanukia ndani ya marumaru inaipasua hapohapo, tundu lako zuri lote limekwenda na maji. Ikitanukia kwenye tofali, inashika. Dondoshea silikoni kidogo ndani ya tundu kabla ya skrubu, maji yasipenye nyuma ya ukuta, kisha kaza kwa mkono, siyo kwa drili, na ukisikia imeshika, basi, toa mkono!

Kabla ya yote hayo lakini, gonga. Gonga marumaru kwa kifundo cha kidole na usikilize. Ikilia nzito, imejaa simenti nyuma, endelea. Ikilia tupu, ko-ko-ko, kuna uwazi nyuma yake. Hamia jirani, hiyo ndiyo itakayopasuka. Kaa mbali na kona za marumaru pia. Na angalia mstari unaopanda na kushuka kutoka kwenye bomba, na mwingine kutoka swichi ya hita ya bafu, kwa maana mabomba na nyaya mara nyingi hupita humo. Hapo hata kwa almasi ya mfalme, usiguse!

Kisahani cha sabuni na kishikio cha toilet pepa? Hivyo sikutoboa, nimegundisha, na nimefurahi vilevile! Sabuni imekaa tu, haivuti kitu. Taulo lililolowa ni zito, na watu hulinyakua kwa nguvu, kwa hiyo linastahili skrubu. Nilichagua vile vyenye stika ya gundi nyuma, na uzuri wake wote umo kwenye usafi. Marumaru inaonekana safi, kumbe ina utando wa sabuni usioonekana! Sugua, suuza, kausha, kisha pitisha kitambaa chenye spiriti na usiiguse tena kwa vidole. Ukipitisha kitambaa kikavu kikalia kwiii, uko tayari. Bandika katikati ya marumaru, siyo juu ya mstari wa grauti, maana hapo maji yanapata mlango wa kuingilia nyuma ya stika. Bonyeza kuanzia katikati kwenda pembeni, nusu dakika nzima, mapovu ya hewa yatoke.

Kisha usiweke sabuni. Najua, najua! Saa 24 bila mzigo na bila maji, gundi ishike polepole. Bafu zetu hizi ambazo choo na maji ya kuogea vinakaa pamoja, waogaji wote wahamie kwa jirani siku hiyo. Na marumaru zenye vipele vya urembo uzisamehe tu, stika inagusa vilele peke yake na kisahani kitakuamsha usiku kwa kishindo.

Na bado! Wewe uliyepanga unayemwogopa mwenye nyumba, hii yako kabisa: siku ya kuhama pasha stika kwa drai ya nywele, pitisha uzi wa kusafishia meno nyuma yake, uvute kama unakata kwa msumeno, kulia, kushoto, kulia, na kisahani kinaachia chenyewe bila alama. Mabaki ya gundi yasugue kwa kidole, yanaviringika na kudondoka. Nimejaribu kwenye kile cha zamani nikacheka peke yangu! Haya, drili unayo? Yangu nakuazima, ila biti ya almasi nenda kanunue yako, hii siitoi mkononi, bado nina kulabu ya jikoni, na ya varanda, na ile ya...