Barua Iliyokwama Njia ya Ntoto

Hadithi fupi inayosimama juu ya barua ya mapenzi isiyomfikia mwenyewe huharibika mara nyingi mahali pamoja: mwandishi humwaga hisia zote ndani ya barua. Mpenzi analia, anaapa, anataja nyota na mwezi, na msomaji anabaki mkavu. Uchungu wa barua ya namna hii unatoka kwingine. Msomaji anajua jambo ambalo aliyeandika hakulijua, na kadiri mwandishi wa barua anavyozungumza kwa utulivu, ndivyo pengo hilo linavyouma.

Anton Chekhov alilielewa hili mwaka 1886 alipoandika Vanka. Mtoto wa miaka tisa, mwanagenzi kwa fundi viatu mjini Moscow, anamwandikia babu yake aje kumchukua. Juu ya bahasha anaandika kwamba ni ya babu, kijijini, na kuongeza jina lake tu, kisha anaitia kwenye sanduku la posta na kwenda kulala akiwa na tumaini. Chekhov haongezi neno la huruma. Anwani ile imekwisha kutwambia kila kitu.

Maisha yenyewe yametoa mfano wa wapenzi. Mwaka 1758 Waingereza waliiteka meli ya kivita ya Wafaransa iitwayo Galatée. Barua za jamaa wa mabaharia, zaidi ya mia moja, zilikuwa zikiifuata kutoka bandari hadi bandari bila kuikuta, zikaishia London. Mwanahistoria Renaud Morieux wa Chuo Kikuu cha Cambridge alizifungua na matokeo yake yakatangazwa mwaka 2023. Miongoni mwa barua hizo kulikuwa na ile ya Marie Dubosc kwa mumewe Louis Chambrelan, ofisa wa meli hiyo. Marie alifariki mwaka 1759, na Louis, akiwa amerudi Ufaransa, akaoa tena mwaka 1761. Ukishayajua hayo, kila neno la kawaida katika barua ile linabadilika uzito, ingawa hakuna herufi iliyoguswa.

Sasa tujenge hadithi ya kubuni inayotokea Masisi, Kivu, tuone jinsi viungo vyake vinavyoungana.

Swali la kwanza ni kwa nini barua haikufika. Katika riwaya ya Thomas Hardy, Tess of the d'Urbervilles ya mwaka 1891, barua inasukumwa chini ya mlango na kupenya chini ya zulia. Wasomaji wengi huona hapo mkono wa mwandishi. Masisi haihitaji zulia. Kati ya milima yake na misitu ya Walikale barua ilipita mikononi mwa watu: dereva, katekista, mama mchuuzi anayekwenda sokoni. Mnamo Machi 1993 watu walishambuliwa na kuuawa katika soko la Ntoto, Walikale, na mauaji yakasambaa Masisi. Maelfu walikufa, na wengine wengi zaidi wakakimbia makwao. Barua aliyokabidhiwa mchuuzi wiki ile isingefika, na hakuna bahati mbaya ya kubuni inayohitajika.

Kwa hiyo kijana wa Nyabiondo anaandika Jumapili, tarehe 14 Machi 1993, kwa binti aliye upande wa Walikale. Anaandika nini? Ningemzuia asiandike zaidi ya ukurasa mmoja wa daftari. Aseme mvua imeharibu maharage, na ng'ombe wa baba amezaa. Kisha aombe jambo moja lenye siku yake: Pasaka aje kwao, mama yake anataka kumwona. Pasaka ya mwaka huo iliangukia tarehe 11 Aprili. Ombi lenye tarehe ndilo linaloibeba hadithi yote, kwa sababu msomaji wa Kivu akifika kwenye tarehe hiyo anashtuka kabla hajaambiwa lolote. Wala kijana asitaje kabila lake wala la binti. Wapenzi hawaandikiani hivyo, na majina na vijiji vyao vitamwambia msomaji wa Masisi kilichokuwa kati yao.

Ndani ya karatasi atie nauli, noti ya zaire milioni moja. Noti hiyo inafanya kazi ambayo aya tatu za historia zisingeweza. Mnamo Oktoba 1993 zaire milioni tatu za zamani zilibadilishwa kwa zaire mpya moja, na mwaka 1998 zaire mpya laki moja zikawa faranga moja ya Kongo. Anayeikunjua leo anashika pesa iliyokufa mara mbili. Mwandishi asieleze hesabu hiyo. Amwache mtoto wa nyumbani aulize kama bado inanunua kitu, basi.

Linalofuata ni jinsi karatasi ilivyodumu miaka 30, na hapa hadithi nyingi hudanganya. Masisi kuna unyevu, na mchwa wapo. Karatasi iliyochomekwa kwenye ukuta wa mbao au udongo haiwezi kuaminiwa kudumu hivyo, na watu waliokimbia mara nne hawakubeba kuta zao. Walibeba mfuko wa plastiki wenye kadi za ubatizo, vyeti vya shule na karatasi za shamba. Barua ikae humo. Iandikwe kwa kalamu ya biki, kwa kuwa wino wake una asili ya mafuta na huvumilia maji kuliko wino wa kuchovya. Itachakaa kwanza kwenye mikunjo, na maneno yaliyo juu ya mkunjo yatapotea. Lakini mwandishi asijaribiwe kupoteza pale neno kuu, jina au ile "nakupenda". Msomaji atanusa ujanja. Lipotee neno la maharage.

Ukiuchunguza mfuko huo utagundua kwamba moyo wa hadithi umehama. Mwenye mfuko ni yule mama mchuuzi. Alibeba barua ya watu wengine katika kila safari ya kukimbia, akaiweka pamoja na kadi za wanawe, asiitupe, asiifungue, asiseme. Tuseme amefariki mwaka 2023 katika kambi ya Bulengo, magharibi ya Goma, na bintiye anatafuta kadi ya ubatizo ndani ya mfuko ule. Anakuta bahasha iliyofungwa yenye jina asilolijua. Mama aliogopa kuuliza kama yule binti yu hai? Aliona aibu kwa kushindwa kufikisha? Sielewi jinsi mwandishi anavyoweza kuwa na mtu huyu mkononi kisha akamwacha, akatumia kurasa zake kwa wapenzi wawili ambao hawatatokea tena.

Kwa hiyo mpangilio ningeupendekeza hivi. Anza na mazishi na mfuko. Sehemu kubwa iwe ya bintiye akiuliza majirani wa zamani, kila mmoja akikumbuka safari moja ya kukimbia, na mfuko ukionekana katika kila kumbukumbu. Barua isomwe ikiwa imebaki robo ya hadithi, mara moja, nzima, bila mtu kuikatiza kwa machozi. Isomwe mapema, na kilichobaki kitakuwa maelezo. Isomwe mwishoni kabisa, na itageuka kuwa kitendawili kilichoteguliwa, na msomaji hapati nafasi ya kukaa nayo.

Na mpokeaji asipatikane. Najua hamu ya kumleta bibi mmoja wa Walikale, mvi kichwani, apokee bahasha kwa mikono miwili. Siku anapoipokea, barua imefika, na hadithi uliyokuwa ukiiandika imekwisha kuwa nyingine.