Malkia Yule Yule, Hadithi Mbili

Vijana wawili wanaweza kubishana mpaka usiku kuhusu muvi moja, na wote wawe sahihi. Mmoja anasema malkia wa *Kingdom of Heaven* ni mwanamke dhaifu. Mwingine anasema ni mama aliyeumia kuliko wote mle ndani. Shida ni kwamba hawakuangalia kitu kimoja.

Muvi hiyo ya Ridley Scott ilitoka 2005, inahusu Yerusalemu wakati wa Saladini. Iliyoonyeshwa kwenye majumba ya sinema ina dakika 144. Humo mfalme Baldwin mwenye ukoma anakufa, na dada yake Sibylla anamvisha taji mumewe Guy, mtu mpenda vita. Baadaye tunamwona Sibylla anakata nywele zake, amechanganyikiwa. Mtazamaji anajiuliza: huyu kapatwa na nini?

Jibu lilikatwa. Kwenye toleo la mwongozaji, lenye zaidi ya saa tatu, Sibylla ana mtoto wa kiume. Mjomba akifa, mtoto ndiye anakuwa mfalme. Halafu inagundulika kwamba na yeye hahisi maumivu, yaani ukoma umemfikia. Mama hataki aje avae barakoa kama mjomba wake. Anampakata, anamtilia sumu sikioni. Guy anapata taji baada ya hapo tu. Sasa zile nywele zinaeleweka: ni msiba.

Kwa nini walikata? Studio ilitaka muvi fupi, maana fupi inaonyeshwa mara nyingi zaidi kwa siku. Na mtoto alikuwa rahisi kumtoa, kwa sababu vita vinaendelea bila yeye. Matukio hayakuharibika. Kilichopotea ni sababu, na mtu asiyeonyeshwa sababu yake tunamhukumu haraka.

Lakini tusidanganyike kwamba ndefu ndiyo ya kweli. Baldwin wa Tano alikuwepo kweli, akafa mdogo mwaka 1186, ila ile sumu ya mama ni ya watunzi. Pia kuna toleo refu, ambalo ni kitu kingine. Katika *The Return of the King* (2003), ile ya sinema inamwacha mchawi Saruman amefungiwa mnarani, hatumwoni tena. Toleo refu linaonyesha anavyouawa na mtumishi wake. Ila mwongozaji Peter Jackson hakulazimishwa. Ile ya sinema ni yake pia. Refu aliwaongezea wapenzi wa hadithi, na mwendo wake ni wa polepole.

Kwa hiyo kabla ya kubishana, angalia dakika kwenye kava au kwenye faili. Kama Sibylla hana mtoto, basi hukumu yako iache kwanza. Kesi yake hujaisikia yote.