Livue shairi vazi lake ndipo ulihariri

SHAIRI la arudhi lina hila moja: huonekana limekamilika hata kabla halijasomwa. Mishororo minne imepangwa sawasawa, mkato umekaa katikati, vina vimetua mahali pake, na jicho linaridhika. Mtunzi naye anaridhika pamoja na jicho lake. Analisoma mara kumi katika umbo lile lile na mara zote kumi anaona kitu kizuri, kwa sababu anachokisoma sasa ni umbo tu. Maneno ameshaacha kuyasikia.

Ndiyo maana nashikilia kwamba shairi halihaririwi likiwa limevaa vazi lake la kawaida. Livue kwanza. Na asikwambie mtu kwamba huko ni kulivunjia heshima. Katika hati za kale za Waswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, ubeti mzima wa utenzi mara nyingi uliandikwa katika mstari mmoja, vipande vyake vinne vikitenganishwa kwa alama ndogo. Kuvipanga vipande hivyo kimoja chini ya kingine ni mazoea yaliyokuja kuenea na vitabu vya chapa. Utenzi ni ule ule, sura yake kwenye ukurasa ndiyo iliyobadilika.

Hebu tutazame mfano. Ubeti huu wa tarbia nimeutunga kwa ajili ya makala haya, na nimeutia dosari ninazokutana nazo mara kwa mara katika miswada:

Mama huenda sokoni, jogoo anapowika,
Na kapu lake kichwani, kwa kweli na kwa hakika,
Miguu ipo topeni, manyunyu yamiminika,
Hurudi kwake jioni, mwili wote umechoka.

Ukiuhesabu hautauonea makosa. Kila kipande kina mizani 8, kila mshororo una 16. Kina cha kati ni -ni na cha mwisho ni -ka, bila kuteleza. Watunzi wengi wangeishia hapa na kuanza ubeti wa pili.

Sasa tufute mipaka ya mishororo, tuondoe mikato na herufi kubwa, tuuandike kama nathari: mama huenda sokoni jogoo anapowika na kapu lake kichwani kwa kweli na kwa hakika miguu ipo topeni manyunyu yamiminika hurudi kwake jioni mwili wote umechoka.

Msomaji, umemwona huyo jogoo? Anawika akiwa na kapu kichwani! Katika umbo la kwanza mwisho wa mshororo ulimficha, kwa kuwa jicho lilipumzika kwenye kina kisha likaanza upya. Lakini anayesikia shairi likiimbwa haoni mkato wala herufi kubwa. Yeye hupokea maneno kwa mfuatano wake, na atacheka pale mtunzi alipotaka ahuzunike.

Kosa la pili limo katika "manyunyu yamiminika". Manyunyu ni mvua nyepesi, hayamiminiki. Anayesimulia habari hii barazani hawezi kusema hivyo, lakini ndani ya ubeti "yamiminika" ilikuwa na kina kilichohitajika, na kina kikanyamazisha swali. Nathari haina kina cha kuitetea, kwa hiyo inasimama peke yake na kujibu mashtaka.

Mabadiliko ya pili ya sura ni kuupasua ubeti katikati. Andika ukwapi, yaani vipande vya kwanza, katika safu ya kushoto, na utao, yaani vipande vya pili, katika safu ya kulia. Kisha ziba moja kwa karatasi na usome nyingine peke yake. Ukwapi wetu unasema mama huenda sokoni, ana kapu kichwani, miguu iko topeni, hurudi jioni. Hiyo ni habari kamili. Utao je? Jogoo anawika, "kwa kweli na kwa hakika", manyunyu yanamiminika, mwili umechoka. Kipande kimoja kinatupa saa, kimoja hakisemi lolote, kimoja kinajipinga, na cha mwisho kinatuambia jambo ambalo tungelijua tu, maana nani atembee topeni kutwa nzima asichoke?

Hapo ndipo ugonjwa wenyewe unapoonekana. Mtunzi ametumia nusu ya ubeti kutafuta -ka. Huu ndio udhaifu ninaoukuta zaidi katika mashairi yetu ya magazetini na ya mashindano ya shule: ukwapi unafanya kazi na utao unasindikiza. Maneno kama "hakika", "yakini", "nanena" na "sikizani" huitwa ili kujaza pengo, na kwa kuwa yana mizani na kina, hakuna anayeyauliza yametumwa na nani.

Tiba inafuata kipimo. Iwapo utao hauna habari, upewe habari. Kapu lina nini? Siku imeishaje? Tukijibu maswali hayo mawili na kumtenga jogoo na kapu, tunapata:

Mama huenda sokoni, jogoo anapowika,
Kapu lake li kichwani, mchicha umenyauka,
Miguu ipo topeni, masika yamiminika,
Hurudi kwake jioni, kapu halijapunguka.

Sidai kwamba huu ni ubeti wa kukumbukwa na vizazi. Ila sasa ukisoma utao peke yake una hadithi: jogoo, mchicha ulionyauka, masika, kapu lililorudi lilivyokwenda. Uchovu hatukuutaja, lakini umo, tena ni mzito kuliko ulipotajwa.

Mabadiliko ya tatu ni kusoma kinyume, kutoka mshororo wa mwisho kwenda wa kwanza, na katika shairi refu kutoka ubeti wa mwisho kwenda wa kwanza. Unachotafuta ni kama mpangilio una sababu. Katika rasimu ya kwanza, mshororo wa pili na wa tatu vingeweza kubadilishana nafasi na hakuna ambacho kingepotea. Katika ubeti uliorekebishwa, "kapu halijapunguka" inamhitaji msomaji awe ameshauona mchicha umenyauka, kwa maana hiyo ndiyo sababu ya kukosa wanunuzi. Ikitangulia, inabaki kitendawili. Vivyo hivyo, ikiwa ubeti wako wa sita unaweza kukaa wa pili bila msomaji kushtuka, unayo orodha ya beti, shairi bado hujalipata.

Kipimo hiki kitumike kwa akili. Shairi la sifa au la wasia linaweza kuwa orodha kwa haki yake. Na katika pindu, ambapo maneno yanayofunga ubeti mmoja hufungua unaofuata, kusoma kinyume kutakata mnyororo mara moja na kukufanya uamini kuwa mpangilio ni madhubuti. Angalia vizuri, kwani huenda kilichofungamana ni maneno tu na fikra zimetawanyika.

Mwisho ni karatasi. Siku hizi wengi hutunga kwenye simu. Kioo cha simu ni chembamba, mara nyingi mshororo wa mizani 16 hauenei, unajikunja popote, na beti zinazoonekana kwa wakati mmoja ni chache. Piga chapa shairi zima, lilaze mezani, kisha zungushia duara kila neno linalobeba kina cha mwisho. Katika shairi la mtiririko, lenye vina vilevile mwanzo hadi mwisho, ndipo utakapogundua kwamba "hakika" imefunga mshororo mara nne katika beti saba. Kwenye simu usingeliona, kwa kuwa kila ilipojitokeza, ile ya awali ilikuwa imeshapanda juu na kutoweka.

Karatasi hiyo hiyo itumie kulichapa upya shairi, neno kwa neno, bila kunakili na kubandika. Ukimaliza, linganisha nakala mbili. Pale ambapo mkono uliandika neno jingine bila wewe kukusudia, papigie alama. Mara nyingi neno la asili pale lilikuwa limelegea, na mkono umelikataa kabla ya akili. Tahadhari tu na simu inayojisahihishia maneno yenyewe, isije ukadhani ni mkono wako.

Sasa, yapo ambayo vipimo hivi haviwezi. Mizani haionekani kwa sura, husikika. Jicho likitazama "mchicha" na "mwili" linaona maneno mawili yanayoanza kwa m na konsonanti nyingine. Sikio ndilo linalojua kwamba m-chi-cha ni mizani 3 na mwi-li ni mizani 2. Hivyo tulipoondoa "kwa kweli na kwa hakika" tukaweka "mchicha umenyauka", hapakuwa na njia ila kupiga kofi: m-chi-cha-u-me-nya-u-ka, 8. Aidha, nathari hushtaki wasio na hatia. Ukiuandika ubeti wetu mpya kama nathari, "yamiminika" itaonekana kama kosa la "yanamiminika", na "li kichwani" itaonekana ngeni. Ukizisahihisha utaharibu. "Masika yanamiminika" ina mizani 9. Kwa hiyo nathari iulizwe juu ya maana tu. Sarufi ya ushairi haihusiki nayo.

Na wenzetu wa mashairi huru wasidhani wamesalimika. Tangu Euphrase Kezilahabi achapishe "Kichomi" mwaka 1974 tumebishana sana iwapo utungo usiofuata kanuni za vina na mizani, kama alivyozipanga Sheikh Kaluta Amri Abedi katika kitabu chake cha 1954, unastahili kuitwa shairi. Mimi ningeanza na swali dogo zaidi. Chukua shairi huru, liandike kama aya moja. Kama hakuna kilichopotea, si mshangao, si pumzi, si maana iliyoning'inia mwishoni mwa mstari, basi ile mistari mifupi ilikuwa mapambo, sawa na "kwa kweli na kwa hakika" ya mwenzake wa arudhi. Mmoja amejificha nyuma ya vina, mwingine nyuma ya nafasi nyeupe ya ukurasa, na wote wawili aya moja ya nathari inatosha kuwaumbua.