Usawiri wa Mhusika Anayejidanganya: Barua, Machozi na Mlango Uliofungwa

Mhusika anayewadanganya wenzake humpa mwandishi kazi nyepesi: msomaji huonyeshwa ukweli, kisha akasikilizishwa uongo. Anayejidanganya mwenyewe ni mgumu zaidi, hasa anapokuwa ndiye msimulizi. Ukweli wote lazima upitie kinywani mwake, naye hautaki. Riwaya ya Kazuo Ishiguro, The Remains of the Day, iliyotoka mwaka 1989, inafaa kuchunguzwa kwa sababu mwandishi wake hasemi popote kwamba msimulizi anajidanganya. Vitu vidogo ndivyo vinavyosema.

Msimulizi ni Stevens, mkuu wa watumishi katika jumba la Lodi Darlington, ambalo kufikia mwaka 1956 limeshanunuliwa na Mmarekani. Anasafiri kwa gari kumfuata Bi Kenton, aliyekuwa msimamizi wa kazi za nyumbani na aliyeondoka miaka ishirini iliyopita kwenda kuolewa. Sababu anayoitoa ni ya kikazi kabisa: watumishi ni wachache, na barua ya mama huyo inadokeza kwamba angependa kurudi. Barua hiyo ndiyo chombo cha kwanza. Mwanzoni Stevens ana hakika nayo. Anaisoma tena na tena njiani, na siku zinavyokwenda anakiri kwamba ni vigumu kuonyesha kifungu kinachotaja nia hiyo waziwazi. Barua haikubadilika hata neno; kilichobadilika ni alichokuwa akikipachika. Isitoshe, anaendelea kumwita kwa jina la usichana mwanamke aliyekwisha kuwa mke wa mtu, na anatoa hoja ya kuhalalisha jambo hilo. Hoja isiyoombwa na mtu ni dalili nzuri kuliko ungamo.

Chombo cha pili ni macho ya wengine. Wakati wa mkutano wa mwaka 1923, baba yake Stevens anafariki katika chumba cha juu huku mwana akiendelea kuwahudumia wageni. Stevens hasemi kwamba analia. Ni bwana wake anayemwambia kwamba anaonekana kama mtu anayelia, naye anafuta uso na kusingizia uchovu wa siku. Msomaji amepata machozi bila msimulizi kuyakiri. Hapa pana kanuni ya kiufundi: msimulizi akijidanganya, sharti awepo mtu wa pili anayeuliza swali la kawaida, na msimulizi alinukuu swali hilo kwa uaminifu bila kuelewa linamfichua vipi. Stevens hupotosha maana ya mambo. Maneno ya wenzake huyanukuu sawasawa. Angepotosha vyote viwili, msomaji angekosa pa kushika.

La tatu ndilo lenye ustadi mkubwa zaidi. Stevens anakumbuka akisimama nje ya mlango wa Bi Kenton, akiamini kwamba ndani mwanamke huyo analia. Kwanza anaiweka kumbukumbu hiyo katika siku ya msiba wa shangazi yake Bi Kenton. Baadaye anajisahihisha: huenda ilikuwa usiku ule mwanamke alipomwarifu kwamba amekubali kuolewa. Kosa la tarehe tu, mtu angesema. Lakini msiba wa shangazi haumdai Stevens chochote, ilhali usiku wa posa unamdai maisha yake yote.

Mwandishi wa Kiswahili ana nyenzo ambazo Kiingereza hakina. Stevens hujificha nyuma ya nafsi isiyo na mwenyewe. Kiswahili kina “mtu” kwa kazi hiyo, lakini kina pia umbo la mazoea la hu-, lisilobeba kiambishi cha nafsi. Tuchukulie mzee ambaye mwanawe aliondoka kwa ugomvi. Akisimulia, “Sikumngoja. Jioni huwasha taa ya barazani, maana wezi wamezidi,” sentensi ya kwanza ina nafsi, ya pili haina, anayewasha taa ametoweka ndani ya kitenzi. Jirani akipita na kuuliza, “Mzee, taa ya uani mbona haiwaki?” yametosha. Wezi hupitia uani.

Makosa ya kawaida katika hatua hii ni mawili. Mwandishi huogopa kwamba msomaji hataona, akaongeza “alijidanganya” au “moyoni alijua”, na hapo kujidanganya kunageuka unafiki wa kawaida, kwa kuwa anayejua moyoni hajajidanganya. Au huchagua kitu kizito mno, kama picha ya mwana inayobusiwa kila usiku, ambacho mzee mwenyewe asingeweza kukitolea sababu. Taa ya barazani inafaa kwa sababu ina matumizi mengine ya kweli. Mzee anaweza kuitetea hata mbele ya mkewe, na mkewe anaweza kunyamaza.