Sekunde Ishirini za Mwisho Daraja Mbili

Video ilikuwa na saa 1, dakika 12 na sekunde 40. Ilipigwa siku moja ya soko Daraja Mbili, mjini Kisii, tangu ndizi zinateremshwa gizani hadi akina mama wanahesabu pesa jioni. Ilikuwa imeshapandishwa YouTube miezi kadhaa, ina maoni ya watu, na kiungo chake kimezunguka kwenye vikundi vingi vya WhatsApp. Mwenyewe, rafiki yangu wa siku nyingi, alinijia na ombi ambalo lilionekana dogo: aigawe kwa sura, aweke skrini ya mwisho, na afunge kwa kuwaalika watazamaji waende kwenye video yake ya pili, ya soko la Nyamira.

Ugumu uko hapa. Video ikishachapishwa, faili lake halibadilishwi. Huwezi kulitoa ukaweka jingine kwenye kiungo kilekile. Ukipandisha upya unapata kiungo kipya, na maoni pamoja na idadi ya waliotazama vinabaki kule kwa zamani. YouTube Studio inakuruhusu kupunguza tu: kukata mwanzo, katikati au mwisho, kufifisha sura ya mtu, kuongeza muziki wa maktaba yao. Kuongeza picha au sauti ya mtangazaji akisema neno alilolisahau, haiwezekani. Kwa hiyo mwaliko wa mwisho haukuwa wa kutengenezwa. Ulikuwa wa kutafutwa ndani ya kile kilichokwisha kupigwa.

Tukaangalia mkia. Kwenye 1:10:20 mtangazaji anaaga. Kwenye 1:10:42 kamera inageuka na kuonyesha soko lote kutoka juu, miavuli na turubai, hakuna anayesema. Picha hiyo inadumu hadi 1:11:04. Baada yake simu imeshushwa, inaonyesha matope na viatu kwa dakika moja na nusu, kwa sababu mpigaji alisahau kuizima. Ndiyo kusema video ilikuwa na mwisho mzuri wa sekunde 22, umefunikwa na sekunde 96 za matope.

Skrini ya mwisho hukaa ndani ya sekunde 5 hadi 20 za mwisho wa video, si kabla. Kama tungeiweka bila kukata, visanduku vyake vingeelea juu ya viatu, mbele ya watu ambao wengi wao walishaondoka. Tukaingia `Editor`, tukakata mkia wote kuanzia 1:11:04, na mwanzoni tukakata sekunde 50 za kujaribu maiki. Urefu mpya ukawa 1:10:14, na ile picha ya miavuli ikaanzia 1:09:52. Sekunde zetu 20 zikaangukia juu yake, hakuna uso wa mtu wa kufunikwa.

Kazi hii ya kukata ina mipaka yake. Video iliyopita saa 6 haihifadhi mabadiliko, na iliyotazamwa zaidi ya mara 100,000 inaweza kukataa, isipokuwa chaneli iko kwenye mpango wa kulipwa wa YouTube. Tena, baada ya kubonyeza `Save`, watu huendelea kuona ile ya zamani mpaka uchakataji uishe, na kwa video ndefu hilo huchukua saa kadhaa. Usidhani imekataa ukaanza kukata tena.

Nasisitiza kukata kwanza kwa sababu nimewahi kufanya kinyume. Niliandika sura za video nyingine kwa uangalifu, halafu nikakata mwanzo wake. Maandishi ya muda hayajui kwamba umekata. Kila sura ilichelewa kwa kiasi kilekile nilichokiondoa, na mtu aliyebonyeza sura moja alijikuta tayari yuko katikati ya mazungumzo. Kwenye video hii ya Daraja Mbili, mitumba ilikuwa inaanza 33:10. Baada ya kukata ikaanza 32:20, na ndio muda tulioandika.

Sura zenyewe huandikwa kwenye maelezo ya video, kila moja mstari wake:

```
0:00 Alfajiri: magari yanaingia
4:35 Ndizi kutoka Keumbu
17:50 Chinsaga na managu: bei ya fungu
32:20 Mitumba: kufungua belo, kuchagua kamera
51:05 Kuku na mayai
1:02:40 Hesabu ya siku
```

Mstari wa kwanza lazima uwe `0:00`. Sura zisipungue tatu, zifuatane kwa mpangilio wa muda, na kila moja isiwe chini ya sekunde 10. Ukikosea mojawapo, YouTube haikuambii. Dalili ni hii: namba kwenye maelezo zinageuka viungo vya kubonyeza kama kawaida, lakini mstari wa kuchezea video chini haukatikikatiki. Ukiona hivyo, rudi kwenye mstari wa kwanza. Mara nyingi utakuta `0:01`, au salamu imewekewa sekunde tano peke yake.

Majina ya sura tulibishana juu yake. Rafiki yangu alitaka “Sehemu ya kwanza”, “Sehemu ya pili”. Nikakataa. Mfanyabiashara wa mitumba anayetazama kwa bando la siku hataki kukaa nusu saa akingoja ndizi ziishe. Anataka aone neno “belo”, abonyeze, afike. Neno kubwa likae mwanzoni mwa jina, maana kioo cha simu hukata mwisho wake.

Kisha skrini ya mwisho. Inaruhusu hadi vitu vinne. Sisi tuliweka viwili: video ya Nyamira na kitufe cha `Subscribe`. Kwenye kuchagua video, Studio inatoa njia tatu: iliyopandishwa karibuni, inayomfaa mtazamaji kwa hesabu za YouTube, au moja unayoitaja mwenyewe. Tulitaja. Ile ya karibuni ingekuwa inabadilika kila wiki, na mtu aliyetoka sokoni angeletewa harusi. Sehemu hii ikikataa kufunguka, tazama kama video imetiwa alama kuwa ni ya watoto, kwa kuwa hizo hazipewi skrini ya mwisho.

Anayefungua YouTube kwenye kivinjari cha simu, bila programu yake, haoni visanduku hivyo kabisa. Kwa ajili yake, mwaliko uleule tuliuandika mstari wa kwanza wa maelezo, juu ya sura, na kwenye maoni yaliyobanwa juu: “Umeona bei za Daraja Mbili, sasa linganisha na Nyamira”, na kiungo. Na kwenye 1:05:10, mama mmoja anaposema Nyamira bei ni tofauti, tuliweka kadi ya video hiyohiyo. Binafsi naiamini kadi hiyo kuliko yote, kwa kuwa inamfikia mtu wakati swali liko mdomoni mwake.

Kupima, Studio ina kipimo cha mibonyezo kwa kila mara kitu cha skrini ya mwisho kilipoonyeshwa. Kisome pamoja na mchoro wa watazamaji wanaobaki. Mibonyezo ikiwa michache lakini kiwango ni kizuri, watu wanaondoka kabla ya kufika, na kubadilisha visanduku hakutasaidia. Watu wakifika wengi na hawabonyezi, video uliyowaelekeza siyo waliyoitaka.

Alhamisi, siku ya soko, rafiki yangu anarudi kupiga Daraja Mbili. Safari hii atasimama kulia, upande wa kushoto uwe turubai tupu, na mwaliko wake atausema kwa sekunde 20 nzima huku akinyoosha mkono pale kisanduku kitakapokaa.